Dishi la Nyantende hutazama juu

Anayefika Nyantende kwa mara ya kwanza, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Walungu, hudhani kwamba adui wa televisheni ni vilima. Viko kila upande, na antena ya kawaida ya kunasa mawimbi ya minara kweli huteseka bondeni. Lakini fundi wa dishi anapoitwa hahangaiki na vilima. Anasimama chini ya ukingo wa paa, anainua uso, kisha anauliza mabati yametokeza kiasi gani nje ya ukuta.

Swali hilo linatokana na mahali Nyantende ilipo: karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta. Satelaiti za televisheni zimepangwa angani juu ya ikweta, kwa hiyo mtu wa Bukavu huziona juu sana. Matangazo ya Azam TV, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2013, hutoka kwenye satelaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki. Ukiwa Nyantende, satelaiti hiyo iko magharibi, imeelemea kaskazini kidogo tu: dira husoma 276, na dishi huinuliwa nyuzi 64 kutoka usawa wa ardhi. Ile ya DStv iliyo nyuzi 36 Mashariki imepanda zaidi, nyuzi 81, yaani inakaribia utosini. Mkongomani wa Brussels anayefunga dishi kwa satelaiti ya Astra ya nyuzi 19.2 huliinua nyuzi 30 tu, na vyuma vingi vya ukutani vyenye mkono mfupi vinafaa pembe za namna hiyo. Vikiletwa Kivu, vinawekwa chini ya paa ambalo halikuwa kwenye hesabu ya aliyevichora.

Kuna jambo jingine linalowapoteza hata watu wenye macho makali. Dishi za majumbani hazipokei mawimbi kwa kuyakabili uso kwa uso. Zimekatwa kutoka upande mmoja wa bakuli kubwa zaidi, kwa hiyo hutazama juu kuliko zinavyoonekana, kwa tofauti ya nyuzi kama 25. Dishi linalotafuta satelaiti ya Azam huonekana limelala nyuzi 39 tu kutoka wima. Mwenye nyumba analiangalia, anaona limeelekea kwenye kilima cha ng'ambo bila kizuizi chochote, na anaridhika. Kumbe mawimbi yanashuka kwa mwinuko mkali, yanagonga mabati na kuishia hapo.

Tuchukue nyumba ya kawaida: ukuta wa matofali ya kuchoma unaotazama magharibi, mabati yaliyotokeza sentimita 60, dishi la sentimita 90, na mkono wa chuma unaolishikilia katikati yake sentimita 40 kutoka ukutani. Kwa kuwa dishi limelala kinyumenyume, mdomo wake wa juu unarudi nyuma na kubaki kama sentimita 12 tu kutoka ukutani. Kutoka hapo hadi nje ya ukingo wa paa kuna sentimita 48. Kwa mwinuko wa nyuzi 64, mawimbi hupanda sentimita 21 kwa kila sentimita 10 za kwenda mbele. Ukizidisha, unapata mita 1. Mdomo wa juu wa dishi lazima ukae angalau mita 1 chini ya ukingo wa mabati, na katikati ya dishi ishuke sentimita 35 zaidi. Fundi mwenye busara anaongeza nafasi kidogo na kupima mita 1 na nusu.

Sasa nyumba nyingi za huko hazina ghorofa. Ukingo wa paa ukiwa mita 2.6 kutoka ardhini, dishi litakaa mita 1.1, kimo cha mtoto na cha mbuzi. Hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa magumu. "Mama, hapa litaguswa kila siku," fundi atasema, na mama mwenye nyumba atamjibu kwamba pale juu, chini ya mabati, linapendeza na mvua hailipigi. Mvua hailipigi kweli, na mawimbi hayalifikii.

Njia za kutoka si nyingi. Mkono mrefu unaosogeza katikati ya dishi hadi sentimita 80 hubakiza sentimita 8 tu za mabati mbele ya mdomo wa juu, na dishi linaweza kupanda hadi katikati yake iwe kama nusu mita chini ya ukingo. Lakini mkono huo, kama itakavyoonekana, unauzidishia ukuta mzigo. Ukuta wa kipeo, ule wa pembetatu ambako mabati hutokeza kidogo, mara nyingi unafaa zaidi, ilimradi uwe umeelekea upande unaotakiwa au dishi liwekwe karibu na kona. Kwa satelaiti ya nyuzi 36 hesabu ni kali mno: mawimbi hupanda sentimita 63 kwa kila 10, na nafasi inayotakiwa chini ya upenu huo huo inazidi mita 3. Ukuta wa nyumba ya chini hauna mita hizo. Dishi hilo linataka nguzo iliyopita ukingo wa paa, au bomba lililosimikwa uani.

Faida ya mwinuko huu ni kwamba vilima havina neno, na miti haisumbui sana. Mkaratusi unazuia satelaiti iliyoinuka nyuzi 64 pale tu urefu wake, ukihesabiwa kutoka usawa wa dishi, unapozidi mara mbili ya umbali wake. Mti wa mita 15 ulio mita 10 kutoka nyumbani haudhuru. Ulio mita 5 tu, upande wa magharibi, unadhuru.

Asiyetaka hesabu anaweza kulitumia jua. Kila mwaka, mnamo Machi 21 au 22 na tena karibu na Septemba 21, jua hupita nyuma ya satelaiti ya nyuzi 7 kama inavyoonekana kutoka Nyantende. Kwa saa za Bukavu, Machi hutokea dakika kama sita kabla ya saa nane mchana, na Septemba dakika kama ishirini kabla ya saa nane. Wakati huo mawimbi na miale ya jua hushuka kwa mstari mmoja. Sehemu ya ukuta iliyo kivulini dakika hiyo haitapokea picha. Sehemu iliyo juani itapokea. Mtu anaweza kuzungushia chaki pale jua linapofika, na fundi akija miezi mitatu baadaye atatoboa katikati ya chaki. Siku hizo hizo ndizo dishi ambalo tayari limefungwa vizuri hupoteza picha kwa dakika chache bila wingu, kwa sababu joto la jua linaifunika sauti hafifu ya satelaiti. Anayejua hilo hampigii fundi simu.

Mahali pakishapatikana, swali linahamia kwenye ukuta wenyewe. Dishi la sentimita 90 lina eneo la karibu theluthi mbili za mita ya mraba, na upepo wa kilomita 90 kwa saa, ule unaotangulia mvua kubwa, hulisukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 25. Nguvu hiyo haionekani kuwa kubwa mpaka uikumbuke ile sentimita 40 ya mkono. Ikiwa bati la kushikia ukutani lina bolti zilizoachana sentimita 20, zile kilo 25 hugeuka kuwa kilo 50 za kung'oa, na hugawanywa kwa bolti mbili za upande unaovutwa. Ukiufanya mkono kuwa sentimita 80, zinakuwa kilo 100. Na upepo hauvuti mara moja ukaacha. Unatikisa, unaachia, unatikisa tena, msimu mzima kuanzia Septemba hadi Mei.

Tofali la kuchoma lililoiva vizuri linazimudu nguvu hizo. Bolti za kupanuka zenye unene wa milimita 10, nne kwa kila bati, zinatosha kama zimeingia kwenye tofali lenyewe kwa sentimita 6 au 7. Lipu haihesabiwi: sentimita 2 za saruji juu ya tofali hazishiki kitu. Tundu hutobolewa katikati ya tofali, mbali na kona ya nyumba, kwa sababu bolti hizi hushika kwa kusukuma pembeni, na tofali linalosukumwa karibu na ukingo wake hupasuka. Likishatobolewa hadi sentimita moja zaidi ya kina cha bolti, vumbi lote lipulizwe nje. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa haraka, na vumbi lililobaki hufanya bolti iteleze ndani ya tundu. Dalili yake iko mkononi: nati inapokazwa inapaswa kuanza kuwa nzito baada ya mizunguko michache. Ikiendelea kuzunguka kwa wepesi, au bolti ikizunguka pamoja nayo, tundu limeharibika. Kulijaza vijiti vya mbao ni kujidanganya. Bati lisogezwe hadi tofali jingine.

Si kila tofali limeiva. Yale ya pembezoni mwa tanuri hubaki laini, na drili ikiyaingia kama inachimba udongo mkavu, bolti ya kupanuka itayavunja kwa ndani. Hapo dawa ni kupenyeza: fimbo za chuma zenye nyuzi hupitishwa ukuta mzima, na upande wa ndani wa nyumba huwekwa bati jingine la chuma lenye washa pana, ili ukuta ubanwe kati ya mabati mawili. Si pambo sebuleni, lakini halitoki. Drili nayo iendeshwe bila kugonga, maana mtetemo wa nyundo ya drili humeng'enya upande wa pili wa tofali dhaifu.

Nyumba za mbao, ambazo Bukavu na vitongoji vyake vinazo nyingi, zina kanuni moja: ubao haushiki dishi, nguzo ndiyo inayoshika. Skrubu ndefu za mbao zenye kichwa cha pembe sita ziingie kwenye nguzo iliyo nyuma ya mbao, nayo hutafutwa kwa kufuata mistari ya misumari. Ukuta wa miti na udongo, au wa matofali mabichi, usibebeshwe dishi kabisa. Bomba la inchi 2 lililozikwa sentimita 60 ndani ya zege uani, hatua chache kutoka nyumbani, litafanya kazi hiyo na kuliepuka paa pia.

Kisha kuna nyufa. Tetemeko la Februari 3, 2008, lenye ukubwa wa 5.9, liliipiga Bukavu na kandokando yake, na mengine yamefuata. Kuta nyingi za eneo hili zina mistari ya ngazi inayofuata saruji kati ya matofali, na mingine imefunikwa kwa lipu na rangi. Fundi anayegonga ukuta kwa kisigino cha bisibisi na kusikia sauti tupu anaambiwa jambo. Bolti iliyo karibu na ufa inausaidia kufunguka.

Bati likishakazwa, bomba la dishi lisimame wima kabisa. Pima maji iwekwe pande mbili, mbele na ubavuni, kwa sababu bomba linaweza kuwa wima ukilitazama kutoka barabarani huku limeinama kuelekea ukutani. Bomba lililoinama linavuruga kazi yote inayofuata: kila unapolizungusha dishi kushoto au kulia, mwinuko nao unabadilika, na fundi anaanza kukimbiza vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kulenga kwenyewe huanza na namba na kumalizika na subira. Mwinuko wa 64 huwekwa kwenye kipimo kilichochorwa nyuma ya dishi, ambacho tayari kimezingatia zile nyuzi 25 zilizofichika. Dira husomwa mita kadhaa mbali na nyumba, kwani mabati na bomba huivuta sindano. Mtu anachagua alama mbali, mti au kona ya nyumba ya jirani, kisha analielekeza dishi kwenye alama hiyo. Bolti za mwinuko hukazwa nusu, na dishi huzungushwa taratibu, kidogo kidogo, likisubiriwa kila mara sekunde chache, kwa kuwa dekoda haisemi mara moja kilichopatikana. Anayezungusha haraka hupita juu ya satelaiti bila kuiona.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kichwa cha LNB lazima kizungushwe ndani ya kishikio chake. Mawimbi ya satelaiti hizi hutoka yakiwa yamelala au yamesimama, na karibu na ikweta, satelaiti ikiwa upande wa magharibi, mlalo huo hufika umegeuka zaidi ya nyuzi 80, karibu robo ya mzunguko. Vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya huonyesha mgeuko mdogo, na anayevifuata hapa huiacha LNB karibu wima. Matokeo yake yanajulikana: kwenye skrini mstari wa nguvu unapanda, mstari wa ubora unabaki sifuri, na fundi anaapa kwamba dekoda ni mbovu. LNB izungushwe karibu robo duara, kisha isogezwe nyuzi chache huku na huku mpaka ubora ufike kilele chake. Ubora ndio unaofuatwa daima. Mstari wa nguvu unaweza kupandishwa na satelaiti ya jirani.

Sababu ya umakini huu ni wembamba wa shabaha. Dishi la sentimita 90 likikosea kwa nyuzi 1 tu hupoteza karibu nusu ya mawimbi. Picha itabaki, maana siku ya jua mawimbi yana akiba, lakini akiba hiyo ndiyo inayotumika mvua inapomwagika. Na nyuzi 1 ni kitu kidogo ajabu: kwenye bomba la milimita 50, ni mzunguko usiofika nusu milimita. Kwa hiyo bolti za U zinazolibana bomba hukazwa kwa zamu, kidogo kushoto, kidogo kulia, jicho likiwa kwenye mstari wa ubora. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya kugusa ya pili hulivuta dishi nje ya shabaha aliyoitafuta nusu saa nzima. Fundi mzuri huchora mstari wa rangi unaovuka kutoka kishikio hadi bomba. Mwezi ujao mstari ukiwa umekatika, dishi limezunguka.

Kisha kuna radi, na hapa Kivu Kusini haina mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za satelaiti ya TRMM za kati ya 1998 na 2013, uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kileleni mwa dunia kwa wingi wa radi, na Kabare, jina la eneo linaloizunguka Bukavu, nafasi ya pili: zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kanuni za kimataifa za antena zinaliachia huru dishi la ukutani lililo zaidi ya mita 2 chini ya ukingo wa paa na lisilozidi mita 1.5 kutoka ukutani. Dishi la nyumba yetu ya mfano halifikii mita hizo 2, na nguzo iliyopita paa haina udhuru wowote. Unatakiwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 16, unaoshuka kwa njia fupi bila kona kali hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Waya huo haulindi dekoda dhidi ya radi inayopiga moja kwa moja. Unaipa nguvu njia ya kupita nje badala ya sebuleni. Ngurumo zikianza kukaribia, kebo ichomolewe nyuma ya dekoda, na umeme pia. Baada ya ngurumo ya kwanza ya karibu, mtu asiiguse tena kebo.

Kebo yenyewe hushushwa chini kidogo ya tundu la ukutani kabla ya kupanda na kuingia, ili maji yadondoke pale kwenye mkunjo yasifuate waya hadi ndani. Tundu hutobolewa likiinama kuelekea nje na kuzibwa kwa silikoni. Kiunganishi cha LNB hufungwa mpira usiopitisha maji, kwa kuwa maji yakiingia hapo hushuka ndani ya kebo polepole na kuigeuza shaba kuwa kijani.

Anayejua kusoma dalili hahitaji kubahatisha baadaye. Picha inayokatika wakati wa mvua kali pekee, na kurudi mvua ikipungua, inaashiria kulenga kusikokamilika au dishi dogo. La sentimita 60 hukusanya chini ya nusu ya lile la 90. Inayokatika kwa upepo bila mvua inamaanisha kuna bolti iliyolegea, ama bombani ama ukutani, na kidole kikiwekwa kwenye bati huku mwingine akilitikisa dishi kitasikia ni ipi. Inayozorota wiki baada ya wiki, jua na mvua sawasawa, ni maji kwenye kiunganishi. Na inayopotea ghafla mchana mkavu wa mwezi wa saba, baada ya mwaka mzima wa kufanya kazi vizuri, humfanya fundi atoke nje kuangalia magharibi: mara nyingi atakuta jirani ameongeza chumba, na mabati mapya yanang'aa.